Bukavu: Namna ya kulala katika kiti cha hospitali bila kumwacha mgonjwa peke yake

Usiku wa nne, chupa ya serumu iliisha na hakuna aliyeona. Binti alikuwa ameketi katika kiti cha plastiki karibu na kitanda cha mama yake, kichwa kikiwa kimeangukia kifua. Alipoamka, karibu saa tisa za usiku, damu ilikuwa imepanda katika mrija na kuganda. Muuguzi alijaribu kuusafisha, ikashindikana. Ikabidi kutafuta mshipa mwingine, na kwa mwanamke wa miaka 61 aliyekuwa amepasuliwa paja siku tatu tu mbele yake, mshipa haukuonekana upesi. Walimchoma mara tano.

«Mama hakulia. Mimi ndiye niliyelia,» anasema binti huyo, mfanyabiashara wa mboga katika soko la Kadutu, mjini Bukavu. Ameomba jina lake na la hospitali visiandikwe.

Kosa lake halikuwa uvivu. Alikuwa amekesha usiku tatu mfululizo, akifungua macho kila dakika kumi kutazama chupa. Mchana alikuwa anakwenda soko, anapika, anafua, kisha anarudi. Usiku wa nne mwili ulijichukulia deni lake bila kumuuliza.

Katika hospitali nyingi za kwetu, kazi ya kukaa na mgonjwa ni ya jamaa. Muuguzi wa zamu ya usiku anaweza kuwa na vyumba kadhaa, hivyo gadimaladi ndiye anayepeleka beseni, anayenywesha maji, anayemwita muuguzi chupa inapokaribia kuisha. Mara nyingi hakuna kitanda cha ziada, na mkeka hauruhusiwi kila mahali kwa sababu wafanyakazi wanahitaji nafasi ya kupita. Kinachobaki ni kiti.

Tulimfuata binti huyu kuanzia usiku wa tano, baada ya muuguzi mmoja mzee wa zamu kumpa shauri lililobadilisha mambo. Shauri lenyewe linasemeka kwa maneno machache: gadimaladi hahitaji kuwa macho usiku kucha, anahitaji kuwa macho katika saa zinazojulikana.

Kuhesabu matone

Muuguzi alimuuliza: «Binti, chupa hii itaisha saa ngapi?» Hakujua. Na kwa kuwa hakujua, alikuwa anaitazama wakati wote.

Basi akaonyeshwa hesabu. Chini ya chupa, mahali mrija unapoanzia, kuna kichupa kidogo chenye kuonyesha matone yakianguka. Ukitazama saa na kuhesabu matone kwa sekunde 15, kisha ukazidisha kwa 4, unapata matone ya dakika moja. Usiku ule yalikuwa 10 katika sekunde 15, ndiyo kusema 40 kwa dakika.

Katika mrija wa kawaida wa watu wazima, matone 20 yanafanya mililita moja. Chupa ya mililita 500 ina basi matone 10,000. Ukigawanya 10,000 kwa 40 unapata dakika 250, yaani saa nne na dakika kumi. Chupa ilikuwa imefunguliwa saa mbili na nusu za usiku. Ingeisha saa sita na dakika 40.

Kwa mara ya kwanza tangu waingie hospitali, binti alijua ya kwamba tangu saa tatu mpaka karibu na saa sita, chupa haikumhitaji. Aliweka kengele ya simu saa sita kasoro dakika kumi, kwa ajili ya dawa ya saa sita, na nyingine saa sita na dakika 20, kwa ajili ya chupa.

Kwa nini dakika 20 mbele? Kwa sababu mwendo wa matone haukai sawa. Mgonjwa akikunja mkono, matone yanapungua. Akiunyoosha, au chupa ikiinuliwa, yanaongezeka. Hesabu inakupa saa ya kukadiria tu, na dakika 20 zinakupa nafasi ya kumtafuta muuguzi hata akiwa katika chumba kingine.

Hesabu hiyo ina mipaka miwili. Mirija ya watoto wachanga ina matone madogo, 60 kwa mililita moja, na mirija ya kuongeza damu nayo ina kipimo chake. Kwa hiyo muulize muuguzi kwanza: «Muganga, mrija huu ni wa matone mangapi?» Mpaka wa pili ni mkubwa zaidi: gadimaladi anahesabu, lakini hagusi kile kigurudumu cha kuongeza au kupunguza mwendo. Kwa mgonjwa wa moyo au wa figo, serumu inayokimbia inaweza kujaza maji katika mapafu.

Kabla ya muuguzi kuondoka kwenye kitanda jioni, maswali matatu yanatosha. Chupa itaisha saa ngapi? Dawa zinazofuata ni za saa ngapi? Ni alama gani nikiiona nikuite mara moja, bila kungoja kengele? Kwa mama huyu alama zilikuwa nne: bendeji kulowa damu, mkono wenye sindano kuvimba, kupumua kwa shida, na kuanza kusema maneno yasiyoeleweka. Binti aliandika majibu katika kijitabu cha mwanafunzi, kila kitu na saa yake.

Kukipanga kiti

Kujua saa hakutoshi kama mwili hauwezi kulala. Mtu aliyeketi wima halali vizuri, na sababu yake ni ya kawaida. Usingizi ukizama, misuli ya shingo inalegea, kichwa kinaanguka, na mtu anashtuka. Kadiri mgongo unavyolazwa nyuma ndivyo usingizi unavyokaribia ule wa kitandani. Kiti cha plastiki hakilali, lakini kinaweza kusaidiwa.

Binti alikisogeza kiti mpaka ukutani, miguu ya nyuma ikigusa ukuta ili kisiteleze. Hakukiinamisha kwa miguu miwili, kwa maana viti hivyo hupasuka. Alikalia blanketi iliyokunjwa, akisogeza makalio mbele kidogo ili mgongo ulale nyuma. Nafasi iliyobaki kati ya kiuno na kiti aliijaza kikwembe kilichokunjwa, kinene kama mkono. Bila hicho, maumivu ya kiuno ndiyo yanayokuamsha saa nane za usiku.

Kwa shingo, alikunja kikwembe kingine kama kamba nene, akakizungusha shingoni, sehemu nene ikikaa mbele chini ya kidevu na upande mmoja. Watu wengi huweka mto nyuma ya shingo, na kumbe kichwa huangukia mbele au pembeni.

Miguu ndiyo jambo ambalo wengi husahau. Ikining'inia usiku kucha, damu na maji hukaa chini, na asubuhi viatu haviingii. Binti aliomba kreti tupu ya bia kwa muuza vinywaji mbele ya hospitali, akaweka juu yake mfuko wa nguo. Miguu ilipanda karibu usawa wa kiti, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Akavaa soksi, maana usiku wa Bukavu una baridi, na miguu baridi inachelewesha usingizi. Soksi, suruali chini ya kikwembe na mikono mirefu vina faida nyingine: mbu wa malaria huuma usiku, na chandarua cha kitanda kinamfunika mgonjwa peke yake.

Kuna mikao miwili ya kuepuka. Wa kwanza ni kulala ukiwa umetupa mkono nyuma ya mgongo wa kiti, makwapa yakiegemea ukingo. Ukingo huo unabana mshipa wa fahamu wa mkono, na mtu anaweza kuamka kiganja kimelegea, hawezi kukiinua. Mara nyingi hali hiyo hupona, lakini inaweza kuchukua majuma. Wa pili ni kulaza kichwa juu ya kitanda cha mgonjwa. Kwa dakika chache si kitu, lakini kwa saa nzima unaminya mikono yako, unaweza kuvuta mrija wake, na kama ugonjwa wake ni wa kuambukiza, uso wako unakuwa juu ya shuka lake. Katika vyumba vya wagonjwa waliotengwa, kama wale wa mpox au kipindupindu, shauri hili la kiti halitumiki kabisa: huko fuata sheria za hospitali kuhusu nani anaingia na anakaa wapi.

Kila unapoamka kwa kengele, simama, tembea hatua chache, panda na kushuka kwa vidole vya miguu mara 20. Kukaa bila kusogea saa nyingi kunaweza kugandisha damu katika mguu. Miguu yote miwili ikivimba kidogo na kupungua ukitembea, ni uchovu wa kiti. Lakini mguu mmoja ukivimba, ukiuma na kuwa na joto kuliko mwingine, mwonyeshe daktari siku hiyo hiyo. Na ikifuatwa na pumzi fupi ya ghafla au maumivu ya kifua, piga kelele upate msaada papo hapo. Tayari uko hospitalini.

Kugawana usiku na jirani

Kitanda cha pili katika chumba kile kilikuwa cha kijana aliyevunjika mguu, na mama yake alikuwa gadimaladi wake. Kwa usiku nne wanawake wale wawili walikuwa wamekesha wote pamoja, kila mmoja akitazama chupa yake. Usiku wa tano binti alimwendea.

«Mama, tugawane. Mimi nitatazama wote wawili mpaka saa saba, wewe ulale. Kisha wewe utatazama mpaka saa kumi na moja.»

Mama yule alifikiri kidogo, akauliza: «Na nikihitajika kwa mwanangu?»

«Nitakuamsha, Mama.»

Wakaweka sharti tatu. Anayekesha anatazama na kuita tu: hampi mgonjwa wa mwenzake dawa, hata kidonge cha maumivu. Kengele zote mbili zinakuwa katika simu ya anayekesha, ikitetemeka bila sauti ndani ya nguo yake, ili chumba kizima kisiamke. Na kila mmoja analala fedha zake zikiwa zimefungwa ndani ya kikwembe kiunoni, kwa maana wezi wa usiku hospitalini wanajulikana.

Binti alichukua zamu ya kwanza kwa sababu chupa ya mama yake ilikuwa inaisha ndani yake. Saa sita kasoro dakika kumi simu ilitetemeka, dawa ikatolewa saa sita. Saa sita na nusu muuguzi alikuwa tayari amesimama na chupa mpya, ya zamani ikiwa na vidole viwili vya maji. Walihesabu matone ya chupa ile mpya: ingefika mpaka saa kumi na moja. Saa saba akamwamsha jirani, akamwonyesha kijitabu, akalala.

Alilala saa nne bila kukatwa. Si usiku mzima. Lakini saa nne zilizoungana zinatengeneza mwili kuliko saa sita zilizokatwa kila dakika kumi. Duru moja ya usingizi, toka mwepesi mpaka mzito na kurudi, huchukua karibu dakika 90, na anayeamshwa kila mara haifikii ile sehemu nzito.

Kwa asiye na jirani wa kugawana naye, hesabu ya chupa inasaidia vilevile. Usiku ule ule, angekuwa peke yake, binti angelala toka saa tatu mpaka kengele ya saa sita kasoro kumi, akae macho kwa ajili ya dawa na chupa, kisha alale tena toka saa saba mpaka saa kumi na nusu. Hiyo haifai kwa mgonjwa mahututi au anayehitaji kugeuzwa kila saa mbili. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji watu wawili usiku, na ni afadhali familia ielezwe hivyo siku ya kwanza.

Jambo moja la kuchunga: ukiamshwa ghafla, akili haiamki pamoja na macho. Kwa dakika 15 mpaka 30 unaweza kufanya jambo na usilikumbuke. Ndiyo maana binti alijiwekea desturi ya kushusha miguu, kunywa maji, kisha kusoma jina la dawa kwa sauti ndogo na kuandika saa katika kijitabu kabla ya kumpa mama. Ukijiuliza «nimempa au sijampa?» na hakuna kilichoandikwa, usimpe. Muulize muuguzi.

Na vidonge vya usingizi? Valiyumu inauzwa katika famasi nyingi bila kuulizwa karatasi ya daktari, na magadimaladi wengine hupeana. Anayekunywa hatasikia kengele, na asubuhi atakuwa bado mzito.

Siku inayofuata

Hatari haiishi kunapokucha. Mdogo wa binti huyu ni motari. Usiku wa tatu alikuja kumsaidia dada yake, wakakesha wote, na asubuhi akawasha pikipiki kwenda kutafuta wateja. Katika mteremko alisinzia kwa muda mfupi sana, akaingia katika mtaro. Alichubuka goti na mkono. Hakuwa na mteja nyuma.

Uchunguzi uliofanywa Australia na kutangazwa mwaka 1997 ulilinganisha watu waliokesha na watu waliokunywa pombe. Baada ya saa 17 bila kulala, mikono na macho ya waliokesha vilikuwa vizito sawa na vya mtu mwenye pombe ya gramu 0.5 katika lita ya damu. Baada ya saa 24, hali ilikuwa mbaya zaidi, karibu na gramu 1. Tofauti ni kwamba mlevi ananuka pombe na watu wanamzuia, aliyekesha anaambiwa «pole» na kupewa ufunguo.

Kwa hiyo, asubuhi baada ya mkesho, usiendeshe. Panda nyuma ya mwingine au tembea. Binti aliacha pia kuhesabu fedha peke yake sokoni saa za asubuhi, baada ya kurudisha chenji kubwa kuliko deni mara mbili katika siku moja. Sasa mwanawe wa kwanza anahesabu, yeye anapanga mboga. Na karatasi za hospitali, fatura au karatasi ya kukubali upasuaji, anazisoma pamoja na mtu aliyelala.

Saa kumi na mbili za asubuhi anatoka nje kwa dakika kumi au zaidi. Mwanga wa asubuhi unaambia mwili kwamba siku imeanza. Ananawa uso, anakunywa uji. Daktari anapopita, hasemi kwa kumbukumbu, anafungua kijitabu: joto saa nne za usiku, maumivu saa nane, mkojo mara mbili.

Kahawa anakunywa asubuhi na mara moja baada ya chakula cha mchana, si zaidi ya saa nane. Nusu ya nguvu yake inabaki mwilini karibu saa tano, hivyo kahawa ya saa kumi na moja za jioni inakula usingizi wa saa tatu ya usiku, ule ule alioupigania.

Usingizi wa mchana ndio unaolipa sehemu ya deni. Kati ya saa saba na saa tisa, dada yake anashika nafasi, naye analala kwa kengele ya dakika 25. Akizidisha mpaka saa nzima anaamka kichwa kizito. Akilala saa kumi na moja za jioni, usiku kiti kitamkataa. Anakunywa kahawa ile ya mchana kabla tu ya kulala, kwa sababu inachukua kama dakika 20 au zaidi kuanza kufanya kazi, na inamkuta akiamka.

Hata hivyo, saa nne za kiti na dakika 25 za mchana si maisha. Familia ilikubaliana ya kwamba baada ya usiku tatu, mtu analala nyumbani usiku mmoja mzima, kitandani, simu ikiwa kwa mwingine. Walikubaliana pia alama za kumwondoa mtu zamu hata kama anakataa: kengele ikilia asiisikie, akisahau kuandika dawa, au akianza kumkaripia mgonjwa bila sababu. Alama hiyo ya tatu ndiyo mama mgonjwa mwenyewe aliyoiomba iongezwe.

Walikaa hospitali siku 16. Baada ya usiku wa nne, hakuna chupa nyingine iliyoisha bila kuonekana. Siku ya kutoka, binti alirudisha kreti kwa muuza vinywaji. Kijitabu alimwachia mama wa kijana wa kitanda cha pili, ambaye alikuwa bado na majuma ya kungoja, pamoja na hesabu ya matone iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu katika ukurasa wa kwanza.